Faili la maombi ya nyumba Ujerumani: kuthibitisha kipato na historia ya upangaji unapohamia mji mpya

Mtu aliyezoea kupanga Dar es Salaam au Nairobi hujua kwamba fedha taslimu ndiyo inayofungua mlango. Dalali anakuonyesha nyumba, mnakubaliana, unalipa amana na kodi ya mwezi wa kwanza, au miezi sita kwa mpigo kama mwenye nyumba ndivyo anavyotaka, na jioni hiyo hiyo unakabidhiwa ufunguo. Ujerumani njia hiyo haimsaidii mgeni, kwa sababu sheria inaweka kikomo cha amana kuwa kodi ya miezi mitatu. Fleti moja yenye bei ya wastani katika mji kama Leipzig, Hamburg au Munich huombwa na watu wengi kwa wakati mmoja, nao wote wana uwezo wa kuilipa amana hiyo. Kinachobaki cha kuwatofautisha ni karatasi wanazoleta. Kwa sababu hiyo faili la maombi linastahili kuandaliwa kabla ya kuanza kutafuta nyumba. Anayesubiri aombwe karatasi ndipo azitafute, mara nyingi hukuta fleti imekwishachukuliwa.

Nitaeleza jambo hili kwa kufuata kisa cha muuguzi mmoja kutoka Kisumu ambaye faili lake tuliliandaa pamoja mezani kwangu kwa jioni mbili. Nimekichagua kwa sababu kinafanana na hali ya wengi wanaokuja kufanya kazi hospitalini, hasa tangu Kenya na Ujerumani ziliposaini makubaliano ya uhamaji wa wafanyakazi mwaka 2024. Alikuwa amefanya kazi katika hospitali ya mji mdogo wa jimbo la Thuringia kama muuguzi msaidizi, huku akisubiri cheti chake cha Kenya kitambuliwe rasmi. Kilipotambuliwa, alipata mkataba mpya wa muuguzi kamili katika hospitali ya Leipzig. Aliipenda fleti ambayo tangazo lake lilitaja Kaltmiete ya euro 520 na Warmmiete ya euro 670. Neno la kwanza ni kodi ya nyumba yenyewe tupu, na la pili ni kodi hiyo pamoja na makadirio ya gharama za maji, takataka, usafi wa ngazi na, mara nyingi, joto la wakati wa baridi. Umeme na intaneti kwa kawaida hulipiwa kando. Tofauti hii ishikwe vizuri, kwa sababu amana huhesabiwa kwa kiasi cha kwanza, ilhali uwezo wa mpangaji ni busara kuupima kwa kiasi cha pili.

Msomaji wa faili, awe ni mwenye nyumba mwenyewe au karani wa kampuni ya nyumba, anatafuta majibu ya maswali matatu: mtu huyu anapata kiasi gani na kutoka wapi, kipato hicho kitaendelea, na huko alikotoka alikuwa akilipa kodi yake. Karatasi isiyojibu mojawapo ya hayo inachelewesha tu jicho lake. Nimewahi kuona faili la kurasa thelathini lenye vyeti vya sekondari na barua ya pongezi ya kanisa, huku hati za mshahara zikiwa zimefichika ukurasa wa ishirini na mbili.

Uthibitisho wa kipato

Kinachoombwa kwa kawaida ni hati za mshahara za miezi mitatu iliyopita, zile ambazo wengi wetu tunaziita peslipu. Hakuna sheria inayosema mshahara uwe mara ngapi ya kodi, lakini wenye nyumba wengi hutumia kanuni ya theluthi, yaani kodi isizidi theluthi moja ya kipato baada ya makato. Hapa ndipo muuguzi wetu alipokuwa karibu kukwama, wala hakukwama kwa sababu ya kukosa fedha.

Hati zake tatu zilionyesha mshahara ghafi wa euro 2,800. Baada ya kodi ya mapato na michango ya bima ya afya, pensheni, ukosefu wa kazi na uangalizi wa wazee, alibaki na euro 1,930. Lakini chini ya mstari huo palikuwa na makato mengine ya euro 350, na kiasi kilichoingia benki kikawa euro 1,580. Makato hayo yalikuwa kodi ya chumba chake katika bweni la wafanyakazi, ambayo hospitali iliikata moja kwa moja kwenye mshahara. Karani mwenye haraka huangalia mstari wa mwisho kabisa. Theluthi ya 1,580 ni kama 527, nayo fleti ilikuwa ya 670, kwa hiyo angeliweka faili pembeni. Hata kama angesoma 1,930, theluthi yake ni takriban 643, bado pungufu.

Ukweli wenyewe ulikuwa mwingine. Mkataba mpya ulimpa euro 3,400 ghafi, ambazo kwa mtu asiye na mwenza wala mtoto tulikadiria zingebaki kama euro 2,240 baada ya makato. Theluthi yake ni karibu euro 747, na fleti ikawa ndani ya uwezo wake. Tatizo ni kwamba mkataba wa kazi hutaja mshahara ghafi peke yake, na hati ya kwanza ya mshahara mpya ingetoka mwisho wa mwezi ambao alikuwa tayari anahitaji mahali pa kulala. Tuliuziba mwanya huo kwa karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa barua fupi kutoka ofisi ya utumishi ya hospitali ya Leipzig, iliyosema tarehe ya kuanza kazi, cheo, mshahara ghafi, kwamba mkataba hauna kikomo, na kwamba kipindi cha majaribio ni miezi sita. Ya pili ilikuwa maelezo ya nusu ukurasa ya muuguzi mwenyewe, akionyesha kwa nini hati za zamani zina kiasi kidogo, kwamba euro 350 zilizokatwa ni kodi ya nyumba ambayo sasa inakoma, na kwamba 2,240 ni makadirio yaliyopatikana kwa kikokotoo cha mshahara cha mtandaoni. Neno «makadirio» tuliliacha lionekane wazi. Mwenye nyumba anajua kwamba mtu anayeanza kazi mpya hawezi kuwa na hati ya mshahara ambao bado hajaupokea, ila kinachomtia shaka ni kuona tarakimu mbili zisizopatana bila mtu wa kumweleza sababu.

Kipindi cha majaribio huwapa wenye nyumba wasiwasi, kwa kuwa ndani yake mkataba unaweza kuvunjwa kwa taarifa ya wiki mbili tu. Kukificha hakusaidii, kwani kimo ndani ya mkataba wenyewe. Kinachosaidia ni kuonyesha mwendelezo: barua ya mwajiri wa zamani inayosema ulifanya kazi tangu lini hadi lini, na kwamba uliondoka kwa hiari yako. Mtu ambaye hahami mwajiri, bali anahama nyumba tu, aombe ofisi ya utumishi imwandikie kwamba ajira yake inaendelea na kwamba hakuna upande uliotoa taarifa ya kuivunja. Barua kama hiyo ofisi nyingi huitoa kwa siku chache, na uzito wake ni mkubwa kuliko urefu wake.

Mwanafunzi yuko katika hali tofauti. Kiwango cha akaunti iliyofungwa, yaani ile inayomruhusu kutoa kiasi maalumu tu kila mwezi, anayotakiwa kuwa nayo kwa ajili ya viza ni euro 11,904 kwa mwaka tangu Septemba 2024, yaani euro 992 kwa mwezi. Theluthi ya hizo ni kama euro 330, kiasi ambacho katika miji mingi hutosha chumba katika nyumba ya kushirikiana au bweni la chuo, si fleti kamili. Wenye nyumba humwomba mwanafunzi mdhamini, na mdhamini aliyeko Mombasa au Arusha, hata awe na mali kiasi gani, mara nyingi hukataliwa, kwa kuwa kumdai kupitia mahakama za nchi nyingine ni kazi ngumu. Ndugu anayefanya kazi Ujerumani anakubalika zaidi. Lakini anayekubali kuwa mdhamini aelewe kwamba anajifunga kisheria, na hati zake za mshahara zitaombwa vilevile.

Ushahidi wa ulivyolipa huko nyuma

Karatasi inayoombwa hapa ina jina refu ambalo mtafutaji atalikuta kwenye matangazo: Mietschuldenfreiheitsbescheinigung, yaani barua ya mwenye nyumba wa zamani inayothibitisha kwamba hudaiwi kodi. Watu wengi wamehangaika nayo, kwa hiyo ni vizuri ieleweke mipaka yake. Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani iliamua mwaka 2009 kwamba mpangaji hana haki ya kumlazimisha mwenye nyumba aandike barua hiyo. Haki aliyo nayo ni ya kupewa risiti ya kodi aliyolipa. Maana yake ni kwamba mwenye nyumba wako wa zamani akikataa, hajavunja sheria, wala wewe hujapoteza nafasi. Taarifa za benki zinazoonyesha kodi ikitoka kila mwezi kwa tarehe ile ile hufanya kazi ile ile, na kwa maoni yangu huaminika zaidi, kwa sababu zinatoka kwa mtu wa tatu asiye na sababu ya kukusifu wala kukuchongea.

Kwa muuguzi wetu hapakuwa na taarifa ya benki ya kodi, kwa kuwa fedha ilikatwa kabla ya kufika benki. Mwanzoni aliliona hilo kama pengo. Lakini yale yale makato ya euro 350 yaliyokuwa yanapunguza mshahara wake machoni pa karani, ndiyo yaliyokuwa ushahidi kwamba hajawahi kukosa kulipa hata mwezi mmoja. Tuliomba ofisi ya utumishi ya hospitali ya zamani iandike mistari minne: aliishi bwenini tangu tarehe fulani, kodi ilikatwa kwenye mshahara kila mwezi, hakuna malimbikizo, na chumba kitarudishwa tarehe fulani. Barua hiyo ikakaa nyuma ya hati za mshahara, na mstari wa makato ukatiwa alama ya mshale, ili anayesoma aone karatasi mbili zikisema jambo moja.

Aliyekuwa amekodishiwa chumba na mpangaji mwenzake naye anaweza kupata barua kutoka kwa huyo mpangaji mkuu, mradi ukodishaji wenyewe ulikuwa na idhini ya mwenye nyumba. Kama haukuwa nayo, barua hiyo itamwingiza mwenzake matatani. Barua za wenye nyumba wa Afrika Mashariki sizishauri sana. Mwenye nyumba wa Leipzig hawezi kuzihakiki, na kuzitafsiri hugharimu fedha ambazo mgeni anazihitaji kwa mengine. Kwa aliyewasili karibuni, barua ya mwajiri wa Ujerumani ina nguvu kuliko barua tatu za kutoka nyumbani.

Rekodi ya mikopo na jina lako

Karibu kila tangazo hutaja SCHUFA. Hii ni kampuni binafsi yenye makao yake Wiesbaden, inayokusanya taarifa za mikopo, akaunti za benki na mikataba ya simu, na kuonyesha kama mtu amewahi kushindwa kulipa. Hapa kuna karatasi mbili zinazochanganywa. Moja ni nakala ya taarifa zako zote, ambayo sheria ya ulinzi wa data inakupa haki ya kuipata bila malipo, na kwenye tovuti ya kampuni huitwa Datenkopie. Nyingine ni cheti cha kumpa mwenye nyumba, kiitwacho BonitätsAuskunft, ambacho hulipiwa takriban euro 30. Nakala ya bure inafaa uisome mwenyewe na kusahihisha makosa, lakini si ya kumpa mwenye nyumba, kwa sababu ina orodha ya benki zako na mikataba yako, mambo ambayo hayamhusu. Cheti cha kulipia kina ukurasa wa kumpa mtu mwingine usiofichua hayo. Tofauti hiyo ndiyo unayoilipia.

Aliyefika mwezi uliopita huenda hana rekodi kabisa. Kutokuwa na rekodi si sawa na kuwa na rekodi mbaya, na inatosha kueleza katika barua kwamba uliingia nchini tarehe fulani. Rekodi huanza kujengeka ukifungua akaunti ya benki na kuchukua mkataba wa simu kwa jina lako.

Na jina ndipo penye shida ambayo Wajerumani wenyewe hawaifahamu. Pasipoti zetu mara nyingi huwa na majina matatu, na fomu za Ujerumani zinataka jina la kwanza na jina la ukoo. Benki ya muuguzi huyu ilikuwa imeliandika jina la baba yake kama la ukoo, hospitali ikaandika la babu, na ofisi ya usajili wa makazi ikaandika yote matatu kwa kufuata pasipoti. Alipoomba cheti cha SCHUFA kwa jina la pasipoti, aliambiwa utambulisho haukulingana. Tulipoteza siku tisa kusahihisha jina benki. Kabla ya kukusanya karatasi yoyote, weka pasipoti, kadi ya benki, mkataba wa kazi na hati ya usajili wa makazi mezani kwa pamoja, uvisome herufi kwa herufi. Anayepokea karatasi nne zenye majina yanayotofautiana hatajua kwamba ni baba na babu, atadhani ni watu wawili.

Nini kitumwe lini

Mamlaka za ulinzi wa data za Ujerumani zimeeleza kwamba mwenye nyumba anaruhusiwa kuuliza mambo kwa hatua. Kabla ya kukuonyesha nyumba anahitaji jina na mawasiliano tu. Ukishasema unaitaka, anaweza kuuliza kazi, kiasi cha kipato na idadi ya watakaoishi. Uthibitisho wa maandishi ni wa pale anapokaribia kukuchagua wewe. Dini, ujauzito na chama cha siasa havimhusu hata kidogo, na ukiulizwa huna wajibu wa kujibu kweli. Kuhusu kipato, kinyume chake, jibu la uongo linaweza kuwa sababu ya kuvunjiwa mkataba hata baada ya kuhamia.

Katika miji yenye uhaba hatua hizi haziheshimiwi, na wengi hutaka karatasi zote siku ya kuonyeshwa nyumba. Kwa hiyo tuliandaa mafaili mawili. La kwanza, la kurasa mbili, lilikuwa na barua fupi ya Kijerumani na muhtasari wa kazi na kipato, bila nyaraka. La pili lilikuwa kamili: muhtasari ule ule, mkataba na barua ya mwajiri mpya, maelezo ya tofauti ya mshahara, hati tatu za mshahara, barua ya bweni, kisha cheti cha SCHUFA. Jumla kurasa kumi na moja katika faili moja la PDF. Nakala ya pasipoti hatukuiweka. Mwenye nyumba anaweza kuiangalia ana kwa ana ili ahakikishe jina, na haina haja ya kuzunguka kwenye barua pepe za watu.

Hati ya mshahara ya Ujerumani ina mambo mengi kuliko inavyodhaniwa. Ina namba ya mlipakodi, namba ya bima ya jamii, namba ya akaunti, na hata dini, kwa sababu waumini wa makanisa yanayotambuliwa hukatwa kodi ya kanisa. Yote hayo tuliyafunika, tukaacha jina, mwajiri, mwezi, mshahara ghafi, mshahara baada ya makato na kiasi kilicholipwa. Namna ya kufunika nayo ina hatari yake: kisanduku cheusi kilichochorwa juu ya PDF mara nyingi huacha maandishi yakiwa hai chini yake, na mtu akiyachagua kwa kipanya na kuyanakili, yanajitokeza. Tulichapisha karatasi, tukafunika kwa kalamu nyeusi, kisha tukaskani upya. Kabla ya kuskani, angalia karatasi kwenye mwanga, kwani wino hafifu huonyesha tarakimu.

Hadhari hii inahusu wizi halisi. Matangazo ya uongo mara nyingi huwa na sura ile ile: fleti nzuri kwa bei ya chini mno, mwenye nyumba aliye nchi nyingine, ahadi ya kutuma ufunguo kwa posta ukishalipa amana, na ombi la picha ya pasipoti katika ujumbe wa pili. Kabla ya yeye kufika Leipzig, muuguzi huyu alipata tangazo la namna hiyo na alikuwa ameshaanza kupiga picha ya pasipoti yake. Pasipoti iliyotumwa kwa tapeli hutumika kuwatapelia wengine kwa jina lako, na jina hilo ndilo linaloandikwa SCHUFA.

Fleti ya euro 520 aliipata katika jaribio la sita. Karani alipiga simu mara moja tu, kuuliza kama barua ya bweni inatoka kwa mwajiri yule yule anayeonekana kwenye hati za mshahara, akajibiwa ndiyo. Amana ilikuwa euro 1,560, na kwa kuwa sheria inamruhusu mpangaji kuilipa kwa mafungu matatu ya kila mwezi, alilipa 520 mkataba ulipoanza na salio pamoja na kodi za miezi miwili iliyofuata. Siku ya kukabidhiwa ufunguo aliomba papo hapo karatasi ya mwenye nyumba ya kuthibitisha kuhamia, iitwayo Wohnungsgeberbestätigung, kwa sababu bila hiyo ofisi ya makazi haimsajili mtu, na muda wa kujisajili ni wiki mbili tangu kuhamia. Mara hii alisimama kando ya karani alipokuwa akiandika, akamsomea majina yake matatu kwa mpangilio wa pasipoti.